Mbavu zilizovunjika na pafu lililonywea: mwongozo kamili, kuanzia mgonjwa anapofika hadi mpira wa kifuani unapotolewa

Mkwezi mmoja wa pwani ya Tanga aliletwa kwetu kwa bajaji, saa tatu baada ya kuanguka kutoka mnazini. Alikuwa na umri wa miaka 38 na uzito wa kilo 62. Shemeji yake alikadiria kuwa ameanguka kutoka mita 7 au 8, akatua kwa ubavu wa kushoto juu ya kisiki. Kifua kilikuwa kimezungushiwa kanga mbili zilizokazwa kwelikweli.

"Daktari, tumemkaza ili mbavu zisitembee," mkewe alisema.

"Mmefanya vyema kumleta haraka, dada. Kanga tunazifungua sasa hivi, maana zinamnyima pumzi."

Nitamfuata mgonjwa huyu tangu aliposhushwa kwenye bajaji hadi alipoondoka hospitalini, kwa sababu karibu kila uamuzi mgumu wa jeraha hili ulijitokeza kwake. Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Mwongozo ni wa matabibu, madaktari wapya na wauguzi wa hospitali za wilaya, lakini ndugu wa mgonjwa anaweza kuusoma na kuelewa kwa nini tunafanya tunayoyafanya. Kuweka mpira kifuani, yaani bomba la kutolea hewa na damu iliyovuja humo, ni kazi ya mikono, na mikono hufundishwa na mtu aliye pembeni yako. Maandishi haya hayachukui nafasi yake.

Pafu linanyweaje?

Pafu kwa asili yake hutaka kusinyaa, kama mpira wa manati uliovutwa. Kinacholizuia ni tando mbili nyembamba, mmoja umelivaa pafu na mwingine umebandikwa ndani ya ukuta wa kifua, na kati yake pana unyevu kidogo tu usio na hewa. Tando hizo hushikana kama vioo viwili vilivyolowa maji. Ncha ya ubavu uliovunjika ikilitoboa pafu, hewa huvuja na kuingia kati ya tando. Mshikamano huo hukatika, na pafu hurudi kwenye usinyaavu wake, likijikusanya kuelekea katikati ya kifua.

Mara nyingi hewa huvuja kidogo, tundu hujiziba, na basi. Hatari huja pale tundu linapokuwa kama vali ya baiskeli: hewa inaingia kila pumzi na haitoki. Presha hupanda upande mmoja, moyo husukumwa upande wa pili, mishipa mikubwa inayorudisha damu moyoni hubanwa, na mgonjwa hufa kwa moyo kukosa damu ya kusukuma. Hali hii huua ndani ya dakika chache.

Kabla ya picha: dakika tano za macho, masikio na vidole

Makosa makubwa ninayoyaona hufanyika hapa. Mgonjwa anaandikiwa karatasi ya eksirei mapokezini, anasukumwa kwenye korido, na hakuna aliyeweka stetoskopu kifuani mwake.

Fungua nguo zote za kifua. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, usikisie. Simama miguuni pa kitanda utazame kama pande mbili za kifua zinapanda sawa. Tazama pia kama kuna kipande cha ukuta kinachoingia ndani wakati mgonjwa anavuta pumzi, na kutoka nje anapoitoa. Hiyo ni dalili kwamba mbavu tatu au zaidi zinazofuatana zimevunjika kila moja sehemu mbili, na kipande hicho kinaelea. Kisha sikiliza pande zote mbili, juu na chini, kwapani pia. Gonga kwa kidole: upande wenye hewa hulia kama ngoma tupu, upande wenye damu hulia bubu. Mwisho papasa ngozi. Ukihisi vitu vinavyopasukapasuka chini ya vidole kama unakanyaga majani makavu, hewa imeingia chini ya ngozi, na karibu hakika imetoka kwenye pafu.

Mkwezi wetu alipumua mara 28 kwa dakika. Moyo ulipiga 112, presha ilikuwa 118 kwa 76, na oksijeni kidoleni ilisoma asilimia 91. Upande wa kushoto ulipanda kidogo kuliko wa kulia, sauti ya pumzi ilikuwa hafifu, na ngozi ya chini ya kwapa ilipasukapasuka. Mishipa ya shingo haikuvimba. Kwa hiyo pafu lilikuwa limenywea, lakini presha ya hewa kifuani ilikuwa haijaanza kumkaba. Tulikuwa na muda wa picha.

Ingekuwaje kama hatungekuwa nao? Mgonjwa anayehaha kutafuta hewa, upande mmoja wa kifua umenyamaza kabisa, presha ya damu inashuka, shingo imevimba mishipa, huyo hapelekwi eksirei. Usingoje koromeo lisogee upande ndipo uamini, kwa kuwa dalili hiyo huchelewa na wengine hufa kabla ya kuionyesha. Mshipa wa shingo nao unaweza usivimbe ikiwa amevuja damu nyingi. Chukua kanula kubwa ya rangi ya chungwa, namba 14, na kwa mtu mzima ichome kwenye usawa wa chuchu, mbele kidogo ya mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa, ukipita juu ya ukingo wa juu wa ubavu. Kwa mtoto, sehemu ni ile ya mbele, chini ya ubavu wa 2, katikati ya mtulinga. Ondoa sindano, acha kanula. Kwa watu wanene au wenye misuli mikubwa, kanula ya kawaida ya sentimita 5 huishia kwenye nyama bila kufika ndani, na hata ikifika hujikunja mapema. Hali isipobadilika ndani ya muda mfupi, pasua ngozi palepale na uingize kidole hadi ndani. Baada ya hapo mpira wa kifuani lazima ufuate. Kanula imekununulia dakika tu.

Kwa mkwezi tuliweka oksijeni na kumfungulia mshipa. Tulimpa mofini ya mshipani miligramu 2, tukarudia kila baada ya dakika chache hadi jumla ya miligramu 6, huku tukihesabu pumzi. Mtu mwenye maumivu ya mbavu hawezi kuvuta pumzi ndefu, na picha ya pumzi fupi haisomeki vizuri.

Picha ipigwe vipi

Hewa hupanda juu. Mgonjwa akiwa amekaa au amesimama, hewa iliyovuja hukusanyika kileleni mwa kifua, juu ya pafu, na ukingo wa pafu huonekana wazi. Akilala chali, sehemu ya juu kabisa ni mbele ya kifua karibu na kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Hewa hutandaa hapo kama blanketi mbele ya pafu, na picha inayopigwa kutoka mbele huipita bila kuionyesha.

Nimewahi kupokea kijana wa bodaboda aliyepigwa picha akiwa amelala katika kituo kingine, akaambiwa pafu ni zima, akarudishwa nyumbani na panado. Alirudi usiku hawezi kumaliza sentensi. Picha yake ya kwanza nilipoitazama upya, dalili ilikuwepo: pembe kati ya kiwambo na mbavu upande wa kulia ilikuwa nyeusi mno, na imeshuka chini kuliko ya kushoto. Hiyo ndiyo dalili ya hewa kwa mtu aliyelala. Nadhani aliyeisoma alikuwa anatafuta mstari kileleni tu.

Kwa hiyo omba picha ya kukaa, mgonjwa akiwa amevuta pumzi. Lakini subiri: huyu kaanguka kutoka mnazini. Aliyeanguka kutoka juu anaweza kuwa na uti wa mgongo uliovunjika, na kumkalisha kunaweza kumpoozesha. Kwanza pitisha kidole uti wote, shingoni hadi kiunoni, mwulize kama ana ganzi miguuni, mwambie asogeze vidole vya miguu, bonyeza nyonga, tazama visigino. Mkwezi alikuwa macho, hajalewa, uti haukuuma popote, akasogeza kila kitu. Tukamkalisha. Kama ungekuwa na shaka, mpige akiwa amelala, halafu tumia ultrasaundi. Weka kichwa cha mashine mbele ya kifua, kati ya mbavu mbili, utazame kama tando zinateleza juu ya mwenzake kila pumzi. Zikiteleza, hakuna hewa mahali hapo. Zisipoteleza, shuku hewa. Mashine ileile ya kupimia wajawazito inatosha, na kwa mgonjwa aliyelala hunasa hewa kuliko eksirei.

Kusoma picha

Anza na jina, tarehe na alama ya L au R. Nimeona mpira ukikaribia kuwekwa upande usioumia kwa sababu picha iligeuzwa kwenye kioo cha mwanga. Kinga nyingine ni kulinganisha picha na ulichosikia kwa stetoskopu. Visipokubaliana, simama.

Kisha tafuta ukingo wa pafu. Ni mstari mweupe, mwembamba kama uzi, unaokwenda sambamba na ukuta wa kifua. Ndani ya mstari utaona michirizi ya mishipa ya pafu ikitawanyika kama matawi, na nje yake ni weusi mtupu, hakuna hata uzi mmoja. Fuata mstari huo kutoka kileleni ukishuka.

Vitu vitatu hudanganya. Mkunjo wa ngozi, hasa kwa mzee, huonekana kama ukingo, lakini michirizi ya pafu huendelea nje yake, na mara nyingi mkunjo huvuka hata nje ya kifua. Ukingo wa fupa la bega nao hushuka sambamba na mbavu, basi ufuate juu uone kama unaishia begani. Cha tatu ni nguo, nywele zilizosukwa, au bomba la oksijeni lililolala juu ya kifua.

Mbavu zisome mwisho, moja moja, kwa kidole, kutoka nyuma karibu na uti hadi mbele. Wengi huzipenda mbavu kwanza kwa kuwa mvunjiko unaonekana haraka, wakishauona wanafurahi na kusahau pafu. Elewa pia kwamba picha ya kifua hukosa mivunjiko mingi, hasa ile ya pembeni ambapo ubavu unapinda, na ile isiyoachana. Ubavu unaouma sana ukiubonyeza, ukalia kwacha chini ya kidole, umevunjika hata kama picha inakataa. Usirudie picha kutafuta mivunjiko. Matibabu hayatabadilika.

Kinachobadilika ni mahali. Ubavu wa 1 na wa 2 umefichwa nyuma ya mtulinga na ni mgumu kuvunjika, kwa hiyo ukivunjika, nguvu ilikuwa kubwa, tafuta jeraha la mishipa mikubwa na shingo. Kuanzia wa 9 kushuka, mbavu hufunika bandama upande wa kushoto na ini upande wa kulia. Pima tumbo.

Jambo la mwisho ni pembe ya chini ya kifua. Kwa mgonjwa aliyekaa, pembe iliyojaa weupe ina takriban mililita 200 au zaidi za majimaji, na baada ya ajali tuchukulie kuwa ni damu. Ukiona juu pana weusi wa hewa na chini pana weupe uliokatwa kwa mstari mnyoofu kama maji ndani ya glasi, hewa na damu viko pamoja.

Picha ya mkwezi ilionyesha mbavu ya 5, 6 na 7 za kushoto zimevunjika pembeni, ukingo wa pafu uko sentimita 3 kutoka ukutani usawa wa katikati ya kifua, pembe ya chini imejaa, koromeo liko katikati. Ultrasaundi ya tumbo haikuona damu. Tuliirudia asubuhi iliyofuata, maana bandama inaweza kuvuja polepole.

Nani anawekewa mpira?

Si kila hewa inahitaji mpira. Mgonjwa mwenye utepe mwembamba wa hewa, anayepumua vizuri, oksijeni yake iko sawa bila kusaidiwa na hana damu kifuani, anaweza kulazwa na kuangaliwa. Picha irudiwe baada ya saa 4 hadi 6, na tena kesho yake. Hewa isipoongezeka, mwili utaifyonza wenyewe.

Weka mpira kama anahema, kama oksijeni inashuka, kama hewa ni nyingi au inaongezeka, au kama kuna damu ya kuonekana. Na kuna watu wawili ambao mimi huwawekea hata kama hewa ni kidogo. Mmoja ni anayekwenda kulazwa usingizi kwa upasuaji, kwa mfano wa mguu uliovunjika: mashine itakayompumulia itasukuma hewa kwa nguvu kupitia tundu la pafu, na utepe mwembamba utageuka kuwa presha mezani. Mwingine ni anayepewa rufaa ya saa kadhaa njiani. Ndani ya gari la wagonjwa usiku, barabara ya vumbi, huwezi kusikia pafu wala kuweka mpira. Muweke kabla hajaondoka.

Mkwezi alikuwa na hewa, damu, na anahema. Hapakuwa na mjadala.

Kuweka mpira

Mweleze mgonjwa, pata ridhaa, hakiki upande tena. Mlaze na mgongo ulioinuliwa kiasi, mkono wa upande ulioumia uwe nyuma ya kichwa. Sehemu salama ni pembetatu ya kwapani: mbele inapakana na msuli wa kifua, nyuma na msuli mpana wa mgongo, chini na mstari wa usawa wa chuchu. Usishuke chini ya hapo. Kiwambo hupanda juu kuliko watu wanavyodhani, na nimesikia zaidi ya mara moja mpira ulioishia kwenye bandama.

Safisha, tandaza vitambaa, choma ganzi. Lignokaini isiyo na adrenalini tunahesabu miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa kilo 62 ni miligramu 186, yaani kama mililita 18 za dawa ya asilimia 1. Tulitumia 15. Itie ngozini, kwenye msuli, na zaidi kwenye utando wa ndani ambao ndio unaouma kuliko vyote, na vuta bomba la sindano kila hatua uhakikishe hujaingia mshipani. Kisha ngoja. Dakika chache za kungoja ganzi ishike ndizo zinazomtofautisha mgonjwa anayetulia na anayepiga mayowe.

Chana ngozi sentimita 3 hivi, sambamba na ubavu. Kwa mkasi butu wa kushikia mishipa, fungua msuli polepole ukielekea ukingo wa juu wa ubavu wa chini. Mishipa ya damu na neva hupita chini ya ukingo wa chini wa kila ubavu, kwa hiyo anayepita juu ya ubavu anaikwepa. Ukipenya, utasikia hewa ikitoka. Ingiza kidole kilichovaa glavu, kizungushe: lazima uhisi nafasi tupu, na pafu likigusa kidole. Kidole hiki ndicho kinga ya kila kitu. Angalia tu ncha za mbavu zilizovunjika, hukata kama kioo, glavu na ngozi yako. Usitumie ule mshale wa chuma unaokuja ndani ya baadhi ya mipira. Umeshatoboa mapafu na mioyo ya kutosha.

Ingiza mpira namba 28 hadi 32, ukiuelekeza juu na nyuma, hadi tundu la mwisho la pembeni liwe ndani ya kifua kabisa. Likibaki kwenye nyama, hewa itajaa chini ya ngozi na mgonjwa atavimba hadi usoni. Unganisha na chupa, shona kwa uzi imara, funga bandeji, piga picha nyingine.

Kwa mkwezi hewa ilitoka kwa mkupuo, ikafuata damu mililita 250. Ndani ya nusu saa oksijeni ilifika asilimia 97 na pumzi zikashuka hadi 20. Kama ingetoka mililita 1,500 kwa mara moja, au 200 kila saa kwa saa 2 hadi 4 mfululizo, huo ungekuwa mshipa unaovuja. Hapo ni damu ya kuongezewa na daktari wa upasuaji wa kufungua kifua.

Chupa ya maji

Ikiwa wodi yako ina sista mmoja usiku, ni yeye anayemtunza mgonjwa huyu, na chupa ndiyo inayozungumza naye. Bomba la ndani liingie sentimita 2 chini ya maji safi. Hewa ya kifuani hutoka kwa kububujika, na maji huizuia isirudi. Chupa ikae chini ya kifua daima, sakafuni, ndani ya kishikio ili isipigwe teke. Ikiinuliwa juu ya kitanda, maji hurudi kifuani.

Mwombe mgonjwa akohoe, halafu tazama. Maji yakipanda na kushuka ndani ya bomba kwa kila pumzi, mpira uko wazi. Viputo vikitoka, pafu bado linavuja. Vikikoma na maji yakaendelea kucheza, tundu limeziba. Maji yakisimama kabisa, kuna sababu mbili tu: ama pafu limejaa kifua, ama mpira umeziba. Siku ya pili maji ya mkwezi yalisimama na sista wa zamu akaniita. Kabla ya kugusa chochote tulifunua shuka, tukamkuta ameulalia mpira ukajikunja. Tulipounyoosha, maji yakacheza.

Mpira unaobubujika usibanwe kwa koleo, hata wakati wa kumhamisha. Ukiubana unamrudisha kwenye ile presha tuliyoanza nayo. Chupa ikivunjika, tumbukiza ncha ya mpira kwenye chombo chochote cha maji safi, halafu tafuta chupa nyingine.

Maumivu ndiyo yanayoleta nimonia

Hewa ikishatoka, adui anayebaki ni maumivu. Mgonjwa anayeogopa kupumua hupumua juujuu, hakohoi, makohozi hukaa, sehemu ya chini ya pafu hujifunga, na siku ya tatu au ya nne homa huanza. Ndiyo sababu kanga zile tulizifungua: kukaza kifua hupunguza maumivu kwa muda na kuzidisha hatari hiyo.

Dawa zitolewe kwa saa, mgonjwa akiumwa au asiumwe. Mkwezi alipata parasetamoli gramu 1 kila saa 6, na mofini ya kunywa miligramu 5 kila saa 4 kwa siku mbili za mwanzo, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8 tuliiongeza siku ya pili, tulipohakikisha havuji damu tena, anakojoa vizuri na hana vidonda vya tumbo. Kipimo changu cha dawa kutosha ni kimoja: aweze kukohoa kwa nguvu. Kama hawezi, dawa haitoshi, hata akisema hana neno. Wanaume wa kazi ngumu husema hivyo sana.

Kila saa anapokuwa macho, avute pumzi ndefu mara 10, ashikilie kidogo, aitoe polepole. Akitaka kukohoa, akumbatie mto juu ya ubavu ulioumia. Mkewe tulimpa chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa nusu na mrija, mumewe apulize viputo taratibu. Siku ya pili alitembea koridoni, chupa ya kifua mkononi, chini ya kiuno.

Wazee ni habari nyingine. Mwenye miaka 65 na zaidi aliyevunjika mbavu tatu ninamlaza hata kama picha haina hewa na anaongea vizuri, kwa sababu huharibika siku ya tatu, akiwa nyumbani.

Kutoa mpira, na kurudi nyumbani

Viputo vikome kwa saa 24 hata akikohoa, majimaji yawe chini ya mililita 200 kwa siku, na picha ionyeshe pafu limefika ukutani. Kwa mkwezi masharti haya yalitimia siku ya nne. Watu wawili hufanya kazi hii: mmoja anavuta, mwingine ana gozi lenye mafuta tayari. Mgonjwa hutoa pumzi yote, anafunga mdomo na kusukuma kama anajikamua, mpira unavutwa kwa mkupuo mmoja, tundu linafunikwa papo hapo. Picha ya baada ya saa chache ilikuwa safi, akaondoka siku ya tano.

Tulimwambia yeye na mkewe warudi mara moja akianza kuhema ghafla, akipata homa, akikohoa damu, ngozi ya kifua ikivimba na kupasukapasuka, au akiumwa tumbo au bega la kushoto. Maumivu ya bega la kushoto bila jeraha begani huweza kutoka kwenye bandama inayovuja. Ubavu huunga kwa wiki 6 hivi, lakini maumivu huweza kudumu miezi miwili au mitatu, na hilo alielezwa ili asidhani ameharibiwa. Sigara aache. Ndege asipande hadi wiki 2 zipite baada ya picha kuthibitisha pafu limejaa kabisa, na kuzamia kwa mtungi wa hewa asifanye bila kupimwa na daktari wa mapafu.

Alirudi baada ya wiki 2, nyuzi zimeshatolewa, kidonda kikavu. Alitaka kujua lini atapanda minazi tena. Nilimwomba ajining'inize kwa mikono miwili kwenye fremu ya mlango. Uso ulimkunjamana, akashuka mwenyewe. Tukakubaliana arudi wiki ya 8, tumjaribu tena palepale.